Nyama Ndani ya Mtindi: Nani Anailainisha, na kwa Saa Ngapi

Muulize mpishi wa biriani wa Pwani nyama ikae muda gani kwenye mtindi, atakujibu: ilaze usiku kucha. Muulize mchoma mishkaki anayesubiriwa na wateja wa jioni, atakwambia saa mbili zinatosha, mradi umetia papai bichi. Wote wawili nyama yao hutafunika, na wote wawili huamini kwamba kazi imefanywa na uchachu wa mtindi. Hapo ndipo penye kasoro. Ndani ya bakuli lile huwa kuna kazi tatu zinazokwenda kwa mwendo tofauti: ya asidi, ya chumvi, na ya nyama yenyewe. Mtindi husifiwa kwa zote tatu, na ndiyo maana swali la muda hupewa jibu moja tu, bila mtu kuuliza kwanza ni nyama gani na imekatwa kwa ukubwa gani.

Tuanze na asidi. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sukari iliyomo, laktosi, na kutoa asidi ya laktiki. Mtindi uliokomaa huwa na takriban gramu 1 ya asidi hiyo katika kila gramu 100. Kipimo chake cha uchachu, yaani pH, hucheza kati ya 4 na 4.6. Kipimo hiki huenda kinyume: namba ikishuka, uchachu umepanda, na kila namba moja ni tofauti ya mara 10. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na kidogo, kwa hiyo ni makali kuliko mtindi kwa takriban mara 100. Nyama ya ng'ombe iliyokwisha kukakamaa baada ya kuchinjwa hutulia karibu na 5.5.

Safari ya nyama kutoka 5.5 kwenda 4.5 si ya kuteremka moja kwa moja kuelekea ulaini, na hili wapishi wengi hawajaambiwa. Protini za nyuzi za nyama hubeba chaji za umeme, chanya na hasi. Karibu na pH 5 chaji hizo hulingana. Nyuzi haziwi na sababu ya kusukumana, hukaribiana, hubana, na maji yaliyokuwa katikati yake hukosa mahali pa kukaa. Nyama iliyoishia hapo ni kavu zaidi kuliko ile ambayo haikuguswa kabisa. Ni pale uchachu unapovuka hapo na kufika kwenye 4.5 hivi ndipo chaji chanya zinapozidi, nyuzi zikasukumana, nyama ikavimba kidogo na kuanza kushika maji tena. Mtu anayepaka kijiko kimoja cha mtindi kwenye kilo ya nyama, akasubiri nusu saa, kisha akalalamika kwamba nyama imetoka kavu, huenda hana bahati mbaya yoyote. Ameifikisha nyama bondeni akaiacha huko.

Pale asidi inapofika vya kutosha, hufanya mambo mawili zaidi. Nyama ina vimeng'enya vyake vya kuvunja protini viitwavyo kathepsini, ambavyo hupenda mazingira ya uchachu. Vikiyapata, hukata nyuzi taratibu. Pia uchachu hulegeza kolajeni, ile protini ngumu inayofunga nyuzi za nyama pamoja na kujenga utando na kano, ili moto ukija igeuke jelatini kwa urahisi zaidi. Lakini kugeuka huko kunahitaji moto wa muda mrefu. Biriani, ambamo nyama huiva taratibu ndani ya mtindi uleule kwa saa nzima au zaidi, hufaidi jambo hili. Mishkaki inayokaa juu ya makaa kwa dakika 10 haifaidi karibu chochote. Nyama ya muundi yenye makano haitaokolewa na mtindi kwenye kijiti, hata ukiilaza siku mbili.

Kuna sifa moja ya mtindi ambayo ndimu na siki hazina, na kwangu ndiyo sababu ya kweli ya kuupendelea. Mtindi una sakafu. Hauwezi kuishusha nyama chini ya kiwango cha uchachu wake wenyewe. Ukiilaza nyama kwenye maji matupu ya ndimu, uso wake huporomoka hadi kwenye 3 au chini ya hapo, protini huharibika kana kwamba zimepitiwa na moto, rangi hugeuka kijivu na maji hukamuliwa nje. Mtindi hauna nguvu hiyo. Isitoshe, sehemu ya asidi yake tayari imeshikwa na protini na madini ya maziwa, hutoka kidogo kidogo. Hii ndiyo maana ya kusema mtindi ni mpole: ukisahau nyama kwa saa tatu zaidi, husamehewa.

Sasa, inafika wapi? Si mbali. Asidi huingia kwenye nyama kwa kusambaa polepole, na kila hatua inakutana na protini na chumvichumvi za nyama zinazoinyonya na kuidhoofisha. Kwa usiku mmoja kwenye friji tunazungumzia milimita chache. Tena mwendo wake hauendi sambamba na saa: kufika umbali mara mbili kunataka muda mara nne. Tuseme uchachu umefika milimita 2 kwa saa tatu. Kufika milimita 4 utasubiri saa 12, na kufika milimita 8 utahitaji siku mbili. Kabla ya hapo uso wa nyama utakuwa umekwisha kuharibika. Kuongeza muda, basi, ni njia dhaifu ya kuupeleka mtindi ndani. Njia yenye nguvu ni kisu.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuifanya mara moja maishani. Chukua kipande cha mshikaki chenye sentimita 2.5 kila upande, na tuseme mtindi umefika milimita 3. Ukitoa tabaka hilo pande zote, katikati kunabaki mchemraba wa sentimita 1.9, ambao ni takriban asilimia 44 ya kipande kizima. Zaidi ya nusu ya nyama imeguswa. Chukua sasa bonge la paja la sentimita 10 kila upande, lilale usiku uleule, mtindi ufike milimita 3 zilezile: iliyoguswa ni asilimia 17 tu, na iliyobaki haijui kama kulikuwa na mtindi. Anayelaza mguu mzima wa mbuzi kwenye ndoo ya mtindi anapata ganda tamu na rangi nzuri. Ulaini wa ndani autafute kwenye moto wa taratibu.

Hata wingi wa asidi wenyewe una kikomo. Gramu 250 za mtindi, kipimo cha kawaida kwa kilo moja ya nyama, hubeba takriban gramu 2.5 za asidi ya laktiki. Hata kama yote ingeingia kwenye nyama na kugawanyika sawasawa, isingetosha kuitoa kilo nzima kutoka 5.5 na kuivusha lile bonde la 5. Mtindi hufanya kazi kwa sababu haugawanyiki sawasawa: unaikazania ngozi ya kipande na kuuacha moyo wake.

Kwa nini basi mishkaki iliyolala huwa laini hadi katikati? Hapa ndipo zinapoingia zile kazi mbili nyingine. Ya kwanza ni chumvi. Chumvi huingia ndani zaidi kuliko asidi, kwa sababu nyama haiidhoofishi njiani namna ile. Ikifika, huyeyusha sehemu ya protini za nyuzi na kuzifanya zishike maji wakati wa kuiva. Kwa kipande cha mshikaki, usiku mmoja unatosha chumvi kufika katikati. Kipimo kinachofaa ni gramu 15 kwa kilo moja ya nyama pamoja na mtindi wake, yaani vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini, visivyorundikwa. Kuna wanaoogopa kutia chumvi mapema kwa imani kwamba itakausha nyama. Katika saa moja ya kwanza kweli hutoa maji kidogo, baadaye hurudi. Mtindi usio na chumvi, kwa maoni yangu, ni nusu ya kazi.

Ya pili ni nyama yenyewe, na kwetu hili lina uzito kuliko kwingi. Ng'ombe wa bucha nyingi za Dar es Salaam au Mombasa huchinjwa usiku au alfajiri na kuuzwa asubuhi hiyohiyo. Nyama hiyo bado imo katika kukakamaa, na haijapata siku za kupumzika ambazo vimeng'enya vingine vya ndani, kalpaini, huzitumia kukata nyuzi bila msaada wa mtu. Unapoilaza kwenye mtindi hadi kesho yake, sehemu kubwa ya ulaini unaoupata katikati ya kipande umetokana na huo usiku wa friji. Ungeupata hata kama ungeiweka nyama peke yake kwenye sahani iliyofunikwa. Sisemi hivi kumdharau mpishi wa biriani. Ushauri wake wa kulaza ni sahihi, sababu anayoitaja ndiyo yenye upungufu.

Yako pia maelezo yanayorudiwa sana kwamba kalisi iliyomo kwenye mtindi ndiyo huamsha vimeng'enya hivi. Ni kweli kwamba kalpaini huhitaji kalisi. Lakini hupenda mazingira yasiyo na uchachu mwingi, na pale mtindi unapofika na kalisi yake huwa umefika na asidi yake pia. Siyategemei maelezo hayo.

Nyama ya moto kutoka bucha ina mtego mwingine. Misuli ikipoozwa haraka sana kabla haijamaliza kukakamaa, hujikunja na kuwa migumu, na ugumu huo hauondolewi na mtindi. Vipande vidogo visivyo na mfupa hupoa upesi na havina kinachovizuia kujikunja. Kwa hiyo usinunue nyama ya alfajiri, ukaikata vipande saa hiyohiyo na kuisukuma kwenye friji kali. Nunua mapema siku moja kabla, iache ikiwa bonge moja, iweke kwenye friji hivyo hivyo, kisha ikate siku ya pili.

Tuifuate kilo moja ya nyama ya paja kwa ajili ya mishkaki ya Jumapili mchana. Imenunuliwa Ijumaa, ikalala bonge zima. Jumamosi jioni inakatwa vipande vya sentimita 2.5, utando mweupe wa juu ukiondolewa kwa ncha ya kisu, kwa sababu huo hautalainika kwa dakika 10 za makaa. Gramu 400 za mtindi mzito usio na sukari zimetundikwa kwenye kitambaa safi kwa saa moja au zaidi, maji yakachuruzika, zikabaki kama gramu 250. Kuchuja huku hakuongezi ukali. Kunafanya mtindi ung'ang'anie nyama badala ya kukusanyika chini ya bakuli, na kunapunguza maji ambayo yangeigeuza michomo kuwa ya mvuke. Unatiwa chumvi, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, bizari nyembamba, pilipili, na vijiko viwili vya mafuta, kwa kuwa harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Vyote vinachanganywa kwanza, ndipo nyama inaingia na kukandwa hadi kila upande umefunikwa.

Chombo kiwe cha plastiki, kioo, bati lililopakwa enameli au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini haifai: asidi na chumvi kwa usiku mzima huila, nyama ikashika ladha ya chuma na sufuria ikapata madoa.

Kuanzia saa tatu usiku hadi saa tano asubuhi ni saa 14. Huo ni muda mzuri kwa vipande hivi. Mradi muda wa kulaza uwe kati ya saa nane na saa 24, sioni cha kugombania. Kata kipande kimoja katikati uone: ukingoni kutakuwa na mkanda mwembamba uliopauka, na ndani nyekundu yake ileile. Mkanda huo ndio eneo la mtindi. Kabla ya kuchoma, toa nyama kwenye friji, kwangua mtindi uliozidi kwa vidole, ibaki filamu nyembamba tu. Filamu hiyo ndiyo itakayokupa rangi. Bakteria wa mtindi wanapovunja laktosi hutumia zaidi nusu yake moja, glukosi, na kuacha nusu ya pili, galaktosi, ambayo ikikutana na protini kwenye moto hubadilika rangi upesi kuwa kahawia. Ikiwa nene, haitapata nafasi hiyo: itachemka kwanza, kisha itaungua juu kabla ya ndani kuiva. Subiri makaa yavae jivu. Yogati ya dukani yenye vanila au stroberi iache pembeni, maana sukari iliyoongezwa itakuwa mkaa mweusi kabla hujageuza kijiti.

Papai bichi na tangawizi ni habari nyingine. Papai lina papaini, na tangawizi ina kimeng'enya chake ambacho hupenda hasa kolajeni. Hivi havingoji uchachu. Hukata protini vyenyewe, na papaini huongeza kasi nyama inapoanza kupata joto kwenye moto. Kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokwanguliwa pamoja na ganda lake kinatosha kilo moja, na kiingie katika saa moja au mbili za mwisho. Yule mchoma mishkaki wa saa mbili, basi, hakukosea kwenye muda: muda wake ni wa papai, mtindi kwake ni kiungo cha ladha na rangi. Kosa ni kuchanganya saa za huyu na vitu vya yule, papai likalala usiku kucha. Asubuhi utakuta kingo zinavunjika kati ya vidole, na mtindi una uchungu, kwa sababu papaini haichagui. Hukata pia protini za maziwa, na vipande vya protini hizo ni vichungu. Tangawizi kidogo yenye kulala haina madhara makubwa. Ikiwa nyingi, nayo itie mwishoni.

Kuku hana tatizo la ng'ombe. Ni mnyama mdogo aliyechinjwa akiwa kijana, kolajeni yake bado dhaifu, na kuku wa kisasa hana ugumu wa kutibiwa. Kinachotafutwa kwake ni maji na ladha. Kuku wa tanduri, aliyepata jina kupitia mkahawa wa Moti Mahal, Daryaganj mjini Delhi, mwaka 1947, na ambaye leo hukosi kumkuta Dar es Salaam wala Mombasa, ni somo zuri. Kwanza huchanjwa kwa kisu hadi karibu na mfupa, akapakwa chumvi, ndimu na pilipili kwa nusu saa hivi. Ndipo hupakwa mtindi uliochujwa pamoja na viungo. Chale zile ndizo jibu la zile milimita 3: badala ya kungoja mtindi uingie ndani, ndani huletwa nje. Ndimu nayo hupewa muda mfupi, isiwe na nafasi ya kuharibu. Mapaja yenye mfupa na chale hupenda saa sita hadi 12. Kidari kilichokatwa vipande hutosheka na saa moja hadi nne. Kikilala usiku hakitaoza, lakini juu kitaanza kuwa na unga-unga mdomoni. Kuku wa kienyeji mzee mpe usiku mzima, kisha mpike kwenye mchuzi taratibu, usimtarajie makaani.

Samaki na kamba usiwalaze. Nyuzi zao ni fupi na kolajeni yao huyeyuka kwa joto dogo, hivyo hakuna kitu cha kulainisha. Dakika 15 hadi 30 zinatosha kwa ladha na rangi. Zikipita hapo, nguru aliyekatwa vipande ataanza kumong'onyoka kwenye waya.

Nyama iliyopitiliza hujitambulisha. Bana ukingo wa kipande kibichi: ukiacha alama isiyorudi, au nyuzi zikiachana bila kuvutwa, imekwisha. Ikipikwa, juu yake huwa kama chaki na ndani bado imekaza, jambo ambalo humchanganya mpishi akadhani ilihitaji muda zaidi. Nyama iliyo kavu lakini haijapauka ukingoni ina shida tofauti: mtindi ulikuwa mdogo, au chumvi haikuwepo.

Haya yote yanahesabiwa kwa saa za friji, kwenye nyuzi 4 au chini. Uchachu wa mtindi hauui vijidudu vya nyama. Huvichelewesha tu, tena juujuu. Kwenye meza ya jikoni yenye joto la nyuzi 30, saa mbili ndizo mpaka. Umeme ukikatika usiku na friji likapoteza ubaridi kwa saa kadhaa, nyama hiyo usiionee huruma. Mtindi uliobaki bakulini umebeba maji ya nyama mbichi: ama uumwage, ama uuchemshe kikamilifu kabla haujawa mchuzi, na usiutumie kupaka mishkaki inayokaribia kutoka motoni.